Slaidi Saba, Ndoo Moja

Binti wa kaka yangu ana ukurasa wa Instagram wa mambo ya nyumbani, na siku moja alinijia na kazi. Alitaka slaidi saba, zile picha ambazo msomaji anazisogeza kwa kidole moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na hatua ndogo ya kupunguza taka za nyumbani. Alinionyesha mifano aliyoikusanya. Kulikuwa na mitungi ya kioo imepangwa rafuni kama dawa za duka, miswaki ya mwanzi, na mirija ya chuma ya kunywea juisi.

"Shangazi, niandikie ya kwetu," alisema. "Halafu usinihubirie. Watu wakihubiriwa wanapita tu."

Nikamwambia kwetu hakuna anayetumia mrija, kwa hiyo slaidi moja imeshapungua. Kabla ya kuandika chochote nilipendekeza tulitazame pipa la taka lenyewe. Kuna mambo mengi ambayo watu hushauriana kuhusu taka bila kuzigusa.

Ninaishi Tabata, katika nyumba ya watu sita, akiwemo mjukuu anayevaa pampasi. Tuliazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki wa jirani, tukapima kila kilichotoka ndani na uwanjani kwa wiki moja ya kawaida, isiyo na sherehe wala wageni. Jumla ilikuwa kilo 22. Kati ya hizo, kilo 13 zilikuwa za jikoni: maganda ya ndizi na viazi, mashina ya mchicha, machicha ya nazi, maganda ya tikiti, majani ya chai, na wali uliolala. Kilo 4 zilikuwa mchanga na majani yaliyofagiwa uwanjani. Zilizobaki, kilo 5, ndizo zilizokusanya kila kitu kingine, yaani plastiki, karatasi, makopo na pampasi, na pampasi peke yake zilikuwa zaidi ya nusu ya hizo.

Binti alishangaa. Chupa za maji, ambazo alikuwa amezipangia slaidi mbili nzima, hazikufika hata nusu kilo. Zinaonekana nyingi kwa sababu zinachukua nafasi na kwa sababu ndizo tunazoziona zikielea mtaroni mvua ikinyesha. Lakini uzito, harufu, nzi na yale maji meusi yanayochuruzika kutoka kwenye kiroba vyote vinatoka kwenye zile kilo 13.

Mimi nilikuwa najua hilo kwa njia nyingine. Nimekulia Rombo, kwenye kihamba. Mama hakuwa na pipa la taka, na sikumbuki kuliona kwa jirani yeyote. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa ng'ombe aliyefugwa bandani, samadi ya ng'ombe ikaenda kwenye migomba, na migomba ikatupa ndizi. Karatasi iliwashia moto. Chupa ya glasi iligombaniwa, maana ilibeba mafuta ya taa. Mama hakufanya hivyo kwa kupenda mazingira. Ng'ombe alikuwa na njaa, basi.

Nilipohamia Dar es Salaam maganda yaleyale yaligeuka kuwa kitu cha kulipia ili kiondolewe. Na mtaa niliofikia ulikuwa na historia yake katika jambo hili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya dampo lililokuwa katikati yao, na Mahakama Kuu ikawapa haki. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani, nako wakazi wakaenda mahakamani na kushinda. Baadaye zikapelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na leo zinakwenda Pugu Kinyamwezi. Wazee wa mtaa wetu wanaisimulia kesi ile kwa fahari, nami siwalaumu. Ila nikiitazama ramani naona dampo limekuwa likisogea tu kutoka kwa watu kwenda kwa watu wengine, na mzigo mkubwa unaosafirishwa ni maganda yenye maji.

Kwa hiyo slaidi ya kwanza niliyoandika ilisema: tenga kibichi na kikavu. Vyombo viwili jikoni, kimoja cha vitu vinavyooza na kingine cha visivyooza. Hata mtu asipofanya lolote zaidi ya hapo, jambo moja linabadilika siku hiyohiyo. Gari la taka likichelewa, na huchelewa, kiroba cha vitu vikavu kinaweza kusubiri nyuma ya geti bila kunuka, bila funza, bila paka kukichana usiku. Karatasi na chupa zisizopakwa mchuzi zinabaki safi, na mwokota chupa anazichukua bila kuchambua uchafu wa jikoni kwa mikono mitupu.

Slaidi ya pili ndiyo iliyonikalia moyoni, na ndiyo iliyokataa kuingia kwenye picha moja. Ni ndoo ya mboji.

Ninatumia ndoo za rangi za lita 20, mbili, zenye mifuniko. Msumari mnene ukishikwa na koleo na kupashwa kwenye mkaa unatoboa plastiki kwa urahisi. Toboa matundu kumi na tano hivi chini, na mengine kuzunguka ubavu kuanzia chini hadi karibu na mdomo. Ndoo ikae juu ya matofali mawili, mahali penye kivuli, na chini yake liwekwe karai la zamani la kupokea maji. Ndani, anza na majani makavu kina cha kiganja. Kisha kila siku jioni mwaga maganda ya siku hiyo, yakiwa yamekatwakatwa, na juu yake funika kwa vitu vikavu hadi maganda yasionekane. Hiyo ndiyo kanuni yote: kisionekane. Kwa kipimo cha macho, kopo moja la kibichi linataka makopo mawili ya kikavu, wakati mwingine matatu, maganda ya tikiti yakiwemo.

Kikavu kinatoka wapi? Kumbuka zile kilo 4 za uwanjani. Tulikuwa tunafagia majani ya mwembe na kuyalipia yasafirishwe mpaka Pugu. Sasa majani yanahifadhiwa kwenye gunia, na mchanga unabaki uwanjani unakostahili. Asiye na mti anaweza kumwomba seremala maranda, bora yasiwe ya mbao zilizopakwa dawa. Pumba za mpunga nazo zinafaa. Maboksi yaliyochanwachanwa vipande vidogo yanasaidia pia.

Baada ya siku chache ingiza mkono au kijiti ndani ya ndoo, utasikia joto. Hao ni bakteria wanaofanya kazi, na wanahitaji hewa, ndiyo maana kila baada ya siku tatu au nne unageuza kwa kijiti, cha chini kije juu. Kiwango cha maji kinapimwa kwa kiganja. Chukua konzi, kamua. Likitoka tone moja au mawili, sawa. Yakichuruzika, ongeza majani makavu. Lisipotoka tone na konzi likapukutika, nyunyiza maji kidogo. Ndoo ya kwanza ikijaa unaifunika, unaendelea kuigeuza, na unahamia ya pili. Utaona iliyojaa inashuka hadi nusu ndani ya wiki chache. Kwa joto la Dar, miezi miwili hadi mitatu inatosha kuleta kitu cheusi, chepesi, kinachonuka udongo baada ya mvua. Ukitaka uhakika, panda choroko kadhaa kwenye kikombe cha mboji hiyo. Zikichipua vizuri na majani ya kwanza yakawa ya kijani, imeiva. Zikioza au zikachipua na kunyauka, iache iendelee.

Binti alisikiliza haya yote, kisha akauliza swali ambalo kila mtu huuliza: "Na harufu je?"

Harufu ni taarifa. Ndoo iliyo sawa hainuki ukiwa umesimama karibu nayo. Ikinuka kama yai bovu, ndani hakuna hewa na kuna maji mengi, kwa hiyo geuza na uongeze kikavu. Ikinuka kama mkojo wa jana, kibichi kimezidi, na dawa ni hiyohiyo. Jirani yangu mmoja alianza na ndoo yake kwa ari kubwa, akatia humo matumbo ya samaki, mifupa ya kuku na mabaki ya mchuzi. Siku ya tatu nyumba nzima ilikuwa inatafuta panya aliyefia wapi. Samaki, nyama na mafuta vinaoza, hilo ni kweli, lakini ndoo ndogo ya nyumbani haina joto wala ujazo wa kuvimudu, na vinaita paka na panya. Mwisho aliimwaga yote na kusema mboji ni ya watu wenye mashamba.

Kuna vingine ambavyo havidhuru lakini vinachosha. Kokwa ya embe utaikuta ndoo inapofunguliwa kama ulivyoiacha. Magunzi ya mahindi vilevile. Vifuu na makumbi ya nazi usijaribu, ila vinawashia jiko la mkaa vizuri. Machicha ya nazi yana mafuta, na yakimwagwa donge yanachacha, kwa hiyo yatawanye na kuyachanganya na majani. Jivu la mkaa, konzi moja kwa wiki lisizidi. Watu hupenda kulimwaga lote humo ili kulikimbia, lakini jivu jingi linavuruga kazi ya wadudu wadogo wanaoozesha.

Na funza watakuja. Nilimwambia binti aweke hilo wazi, kwa sababu ndipo wengi wanapoacha. Mara nyingi wale wakubwa, bapa, wa rangi ya kijivu cha kahawia, ni wa nzi mweusi mrefu mwembamba anayefanana kidogo na nyigu. Huyu si nzi wa mezani. Akishakomaa hana shughuli na chakula chako, hutaga mayai na kufa. Funza wake wanakula maganda kwa kasi ya ajabu, na kuku wanawapenda kuliko pumba. Kama huwataki, ongeza safu ya juu ya majani makavu na hakikisha mfuniko umekaa sawa.

Mboji yetu inakwenda kwenye magunia ya mchicha na matembele kando ya ukuta, ikichanganywa na udongo nusu kwa nusu. Siwezi kudai kwamba tunajilisha. Tunachuma mboga mara mbili tatu kwa wiki, na wakati wa jua kali tunanunua gengeni kama watu wote. Kwa mtu anayeishi chumba kimoja ghorofani bila kibaraza, ndoo hii huenda isiwezekane, na slaidi isimfanye ajione mkosaji. Huyo atenge kibichi tu na atafute mwenye kuku, mbuzi au nguruwe mtaani. Mtu wa namna hiyo yupo karibu kila mtaa wa Dar, na maganda ya ndizi na viazi huyapokea kwa mikono miwili, mradi hayajachanganyika na vifuko.

Slaidi ya tatu ilihusu wali. Katika zile kilo 13, karibu kilo 2 zilikuwa chakula kilichopikwa, na kwa mfuko wetu hicho ndicho ghali kuliko vyote, maana kimeshanunuliwa, kimeoshwa na kimechomewa mkaa. Dada anayetusaidia nyumbani alikuwa akipima mchele kwa macho, na macho ya mtu aliyekulia familia kubwa hupima kwa ukarimu. Tuliweka kikombe ndani ya pipa la mchele. Kikombe kimoja cha mchele mkavu huleta vikombe vitatu hivi vya wali, na kwa nyumba yetu watu wawili wanatosheka nacho wakiwa na maharage na mboga. Watu sita, vikombe vitatu. Akija mgeni, kikombe cha nne. Wali wa kutupa ulikwisha karibu wote, na hakuna aliyelala njaa.

Kiporo nacho kina heshima yake, nami ni mlaji mkubwa wa kiporo na chai asubuhi. Ila kwa wali nina sharti moja. Kwenye mchele kuna bakteria aitwaye Basilasi sereasi, ambaye mbegu zake zinastahimili kupikwa. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha kwenye joto letu, anaamka, anazaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiukaanga wali upya mpaka utoe moshi. Kwa hiyo wali wa kiporo unatandazwa kwenye sinia upoe haraka, kisha unaingia kwenye friji ndani ya saa moja au mbili. Umeme ukikatika usiku kucha, unakwenda kwa kuku asubuhi. Sidhani kuna sababu ya kuugua tumbo ili kuokoa vijiko vichache vya wali.

Slaidi zilizobaki zilikwenda haraka. Ya nne ilihusu mifuko. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na ikaja ile mbadala inayofanana na kitambaa. Wengi wanaamini ni kitambaa kweli. Ni plastiki pia, nyuzi za polipropilini zilizobanwa pamoja, na faida yake inaonekana tu ukiutumia mmoja mara nyingi. Jikoni kwangu ilikuwa imejaa droo nzima kwa sababu kila safari ya sokoni ilileta mmoja. Hatua yenyewe ni ndogo mno: miwili inakaa ndani ya mkoba, na kikapu cha ukindu kinaning'inia mlangoni mahali ambapo huwezi kutoka bila kukigusa. Kikikaa stoo hakiendi sokoni, najua.

Ya tano ilihusu chupa. Binti alitaka kuandika "pata pesa kwa chupa zako". Nikamwomba apige hesabu. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu kumi na kitu. Kilo moja inataka chupa sabini, themanini au zaidi, na bei ya kilo kwa mnunuzi wa mtaani haifiki hata nauli ya kwenda kumtafuta. Kwa nyumba moja si biashara. Kwa mwokota chupa anayepita nyumba mia ni mlo wa siku. Kwa hiyo zimwagwe maji, zikandamizwe, zitiwe kwenye gunia, na gunia litundikwe getini siku anayopita. Ya sita ilihusu vyuma na makopo, na utaratibu ni huohuo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa glasi sina jawabu la kuaminika, zaidi ya kutumia tena zile zenye mifuniko.

Hapo binti aligundua kwamba slaidi ya saba haina kitu. Alitaka ifunge kwa maneno mazuri. Nilimwambia aandike pampasi. Ndizo nzito kuliko chochote katika kiroba chetu kikavu, hazichomeki vizuri, haziozi kwa miaka mingi, na hakuna anayezinunua. Nepi za vitambaa zipo, lakini zinataka maji, sabuni na mtu wa kuzifua kila siku, na mama wa mjukuu wangu anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi kazini. Tumekubaliana kwamba mchana akiwa nami atavaa vitambaa na kukalishwa poti, na usiku atavaa pampasi. Ndivyo ilivyo, na slaidi iliandikwa hivyohivyo. Binti aliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo iliyopata maoni mengi kuliko zote, karibu yote ya akina mama waliosema na wao wanafanya nusu kwa nusu.

Tulipopima tena, kiroba cha kupelekewa gari kilikuwa na kilo 6. Ada ya taka hatujapunguziwa, kwa kuwa inatozwa kwa nyumba wala si kwa uzito, na sitamdanganya mtu kwamba atapata nafuu hapo. Tulichopata ni jiko lisilo na nzi, magunia ya mchicha na kiroba kinachoweza kusubiri.

Kama unafikiria kuanza na ndoo, usianze wakati wa masika. Maji yatakushinda na majani makavu hutayapata. Subiri Juni au Julai, weka gunia moja la majani pembeni kwanza, ndipo utoboe ndoo.